Duka la Masasi, daftari moja: upime mtaji tu au ujenge hesabu kamili?

Mfanyabiashara mdogo wa Masasi, Newala au Nachingwea mara nyingi ana madaftari mawili. La kwanza ni la fedha: leo zimeingia ngapi, zimetoka ngapi. La pili ni la madeni: nani amechukua mali kauli, amelipa kiasi gani, amebakiza kiasi gani. Risiti za msambazaji zimebanwa kwenye msumari ukutani, na mengine yote yamo kichwani mwa mwenye duka. Hizi ndizo hesabu za ingizo moja. Fedha ikitoka inaandikwa imetoka, lakini imegeuka kuwa nini, bidhaa, pango, deni lililopungua au ada ya mtoto, hakuna mahali panaposema.

Siku anapotaka kujua amepata faida gani kwa mwaka, au mkopeshaji anapomdai hesabu, mbele yake pana njia mbili. Ya kwanza ni kulinganisha mitaji: unapima mali na madeni mwanzo wa mwaka, unapima tena mwisho, na tofauti inakuonyesha faida. Ya pili ni kujenga hesabu kamili: unayachambua madaftari hayo hayo mpaka upate mauzo, manunuzi na gharama, kisha unafunga mizania. Nitazipitisha zote mbili kwenye duka moja la vyakula na sabuni la Masasi mjini, la mama anayelisimamia mwenyewe na msaidizi mmoja. Tarakimu nimezisawazisha ziwe nyepesi kufuatwa, lakini matatizo yake ni yale yale ninayokutana nayo kwenye maduka ya huku kila mwaka.

## Mlango ni mmoja: mtaji wa mwanzo

Yoyote utakayochagua, unaanza na mlinganyo ule ule:

```
Mali = Madeni + Mtaji
Mtaji = Mali − Madeni
```

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ukimuuliza mwenye duka mtaji wake, atakutajia fedha aliyoanzia biashara miaka ile. Hiyo si tunayoitafuta. Mtaji wa mwanzo ni thamani ya vyote vilivyokuwa mali ya duka asubuhi ya tarehe 1 Januari, ukiondoa vyote ambavyo duka lilikuwa linadaiwa asubuhi hiyo. Duka letu lilikuwa hivi, na nimeweka pembeni hali ya mwisho wa mwaka kwa kuwa tutaihitaji:

| | 1 Januari | 31 Desemba |
|---|---|---|
| Fedha taslimu dukani | 420,000 | 560,000 |
| Benki na simu | 1,180,000 | 1,640,000 |
| Bidhaa (kwa bei ya kununulia) | 6,400,000 | 7,200,000 |
| Wadaiwa (wateja tunaowadai) | 1,900,000 | 1,300,000 |
| Pango lililolipwa mbele | 300,000 | – |
| Friji, rafu na mizani | 2,500,000 | 2,250,000 |
| Jumla ya mali | 12,700,000 | 12,950,000 |
| Wadai (wasambazaji wanaotudai) | 2,100,000 | 2,600,000 |
| Mkopo wa SACCOS | 1,000,000 | 400,000 |
| Jumla ya madeni | 3,100,000 | 3,000,000 |
| Mtaji | 9,600,000 | 9,950,000 |

Fedha za benki na za simu hazina ubishi, kwa sababu taarifa ya akaunti inaonyesha salio la kila tarehe. Angalia tu kwamba kama duka ni wakala pia, salio la kwenye laini ya uwakala ni mali ya mwenye duka kama fedha ya kwenye droo, na lisisahaulike. Kazi ipo kwenye bidhaa na wadaiwa.

Bidhaa hazikuhesabiwa usiku wa mwaka mpya. Nani ahesabu mifuko ya mchele usiku huo? Zilihesabiwa tarehe 8 Januari kabla ya kufungua, zikawa za shilingi 6,150,000 kwa bei ya kununulia. Ikabidi turudi nyuma wiki moja. Katika siku hizo saba duka liliuza mali ya 1,000,000 na kuingiza mali mpya ya 550,000. Kilichouzwa tarehe 1 Januari kilikuwa bado kipo, kwa hiyo unakirudisha. Kilichoingia kilikuwa hakijafika, kwa hiyo unakitoa. Lakini ile milioni moja ni bei ya kuuzia. Mama huongeza wastani wa asilimia 25 juu ya bei aliyonunulia, kwa hiyo gharama ya mali hiyo ni 1,000,000 kugawa kwa 1.25, yaani 800,000. Ukikosea ukakata asilimia 25 ya milioni, utapata 750,000 na bidhaa zako zitapungua 50,000 bila mtu kuiba. Hesabu sahihi ni 6,150,000 + 800,000 − 550,000 = 6,400,000.

Wadaiwa wanahitaji mtu anayeijua Mtwara. Mkulima akipeleka korosho ghalani kupitia AMCOS halipwi siku ile ile. Anasubiri mnada upite na malipo yaingie. Minada kwa kawaida huanza Oktoba, kwa hiyo kuanzia katikati ya mwaka hadi hapo watu wanachukua unga, sukari na sabuni kwa ahadi ya msimu. Ukipima mtaji mwishoni mwa Septemba, sehemu kubwa ya mali yako ni majina kwenye daftari. Ukipima tarehe 31 Desemba, wengi wamekwishalipa, na waliobaki unaweza kuwauliza mmoja mmoja. Kwa maduka ya huku napendelea Desemba kwa sababu hiyo: mtaji unakuwa na makadirio machache zaidi ndani yake.

Kuwapata wadaiwa wa tarehe 1 Januari iliyopita, usitegemee kumbukumbu. Fungua daftari la madeni, tafuta kila malipo yaliyoingia Januari na Februari, halafu angalia mali hiyo ilichukuliwa lini. Kama ilichukuliwa kabla ya mwaka kuanza, huyo alikuwa mdaiwa. Waongeze na wale ambao hawakulipa kabisa. Ukurasa mmoja wa daftari la mama huyu ulikuwa umekatwa mstari wote kwa kalamu nyekundu, jina na kiasi, bila tarehe ya malipo. Tuliipata tarehe kwenye taarifa ya simu, maana mteja alikuwa amelipa kwa Lipa Namba.

Ugumu huu una sababu. Kosa lolote kwenye mtaji wa mwanzo linahamia kwenye faida shilingi kwa shilingi, na linahamia kinyume. Tungewasahau wale wadaiwa wa 1,900,000, mtaji wa mwanzo ungekuwa 7,700,000, na faida ya mwaka ingevimba kwa 1,900,000 hiyo hiyo. Mama angefurahi, na furaha yenyewe ingekuwa ya malipo ya mali aliyoiuza mwaka uliotangulia.

## Njia ya kwanza: kulinganisha mitaji

Mtaji ulikuwa 9,600,000, sasa ni 9,950,000. Umekua kwa 350,000. Hiyo si faida, kwa sababu mtaji unasukumwa na mambo matatu: faida inaupandisha, fedha anayoongeza mwenye duka inaupandisha, na anachotoa kwa matumizi yake kinaushusha. Tunatafuta faida peke yake, kwa hiyo mengine mawili lazima yaondolewe.

Alichoongeza kilijulikana haraka. Novemba alipata malipo ya korosho za shamba la familia, akaingiza 800,000 dukani kununua mali ya msimu. Kwenye daftari la fedha ilikuwa imeandikwa pamoja na mauzo ya siku hiyo. Siku yenye mauzo makubwa mara tano kuliko jirani zake katika daftari la Masasi mwezi wa Novemba ni ya kuuliza, si ya kushangilia.

Alichotoa ndicho kigumu. Fedha taslimu za nyumbani zilikuwa zimeandikwa, kama 300,000 kwa mwezi, jumla 3,600,000. Nikamuuliza, "Mama, na mchele wa nyumbani unatoka wapi?"

"Si humu humu, mwanangu. Niache duka langu nikanunue kwa jirani?"

Tukaorodhesha mchele, mafuta, sukari na sabuni za nyumba ya watu sita, tukapata wastani wa 100,000 kwa mwezi kwa bei ya kununulia. Kwa mwaka ni 1,200,000, na jumla ya alichotoa ikawa 4,800,000.

```
Faida = Mtaji wa mwisho + Alichotoa − Alichoongeza − Mtaji wa mwanzo
      = 9,950,000 + 4,800,000 − 800,000 − 9,600,000
      = 4,350,000
```

Njia hii haikuuliza mauzo yalikuwa kiasi gani, wala umeme ulikula ngapi. Ndiyo maana inafaa hata daftari la fedha likiwa limeloa na mvua au limepotea nusu mwaka. Unachohitaji ni picha mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na ukweli kuhusu kilichotoka na kilichoingia kutoka nyumbani. Udhaifu wake umo humo humo: inakuambia umepata 4,350,000, haikuambii ulizipataje.

## Njia ya pili: kujenga hesabu kamili

Hapa daftari la fedha linachambuliwa mstari kwa mstari na kila fedha inapewa kundi lake. Benki, simu na droo nimeziweka kapu moja, kwa sababu kuhamisha fedha kutoka droo kwenda benki si mauzo wala gharama. Usipofanya hivyo, fedha ile ile utaihesabu mara mbili.

Zilizotoka mwaka mzima zilikuwa hivi: wasambazaji walilipwa 29,500,000, mali iliyonunuliwa taslimu pamoja na nauli ya mizigo ilikuwa 14,000,000, pango 900,000, mshahara wa msaidizi 1,440,000, mlinzi, vifungashio na vidogovidogo 1,100,000, umeme na maji 480,000, leseni na ushuru 220,000, SACCOS 710,000, na zile 3,600,000 za nyumbani. Jumla 51,950,000.

Kisha kuna tarakimu tatu ambazo hazipo popote kwenye madaftari na lazima zitafutwe.

Ya kwanza ni mauzo ya mkopo. Wateja walilipa madeni 7,400,000 mwaka huu. Mwisho wa mwaka walikuwa wamebakiza 1,300,000, na 200,000 ilifutwa kwa sababu wenyewe wamehama na simu hazipatikani. Jumlisha upate 8,900,000, toa 1,900,000 waliyoanza nayo mwaka, mauzo ya mkopo yanakuwa 7,000,000.

Ya pili ni manunuzi ya mkopo, kwa mtindo huo huo upande wa wasambazaji: waliolipwa 29,500,000, ongeza tunachodaiwa mwisho 2,600,000, toa tulichodaiwa mwanzo 2,100,000. Ni 30,000,000. Ukijumlisha na yale ya taslimu, manunuzi yote ni 44,000,000.

Ya tatu ni mauzo ya taslimu, na inapatikana kwa kuziba pengo. Fedha mwisho wa mwaka ni 2,200,000 na zilizotoka ni 51,950,000, kwa hiyo kapu limepitisha 54,150,000. Ndani yake tunajua chanzo cha 1,600,000 zilizokuwepo mwanzo, 7,400,000 za wadaiwa na 800,000 za korosho. Zilizobaki, 44,350,000, haziwezi kuwa kitu kingine ila mauzo ya taslimu. Angalau ndivyo tunavyodhani kwa sasa; nitarudi hapo.

Zimebaki sehemu mbili ambapo fedha iliyotoka si gharama ya mwaka. Pango lililolipwa ni 900,000, lakini Januari duka lilikuwa limekwishalipiwa miezi mitatu kwa 300,000, kwa hiyo gharama ya mwaka ni 1,200,000. Na katika zile 710,000 za SACCOS, 600,000 ilipunguza deni lenyewe. Gharama ni riba tu, 110,000. Wanaotoa rejesho zima kama gharama wanajipunguzia faida kila mwaka wa mkopo, halafu wanashangaa biashara inalipa madeni kwa fedha ambayo haikupatikana.

| | |
|---|---|
| Mauzo (44,350,000 + 7,000,000) | 51,350,000 |
| Bidhaa za mwanzo | 6,400,000 |
| Manunuzi, ukitoa ya nyumbani 1,200,000 | 42,800,000 |
| Toa bidhaa za mwisho | (7,200,000) |
| Gharama ya mali iliyouzwa | 42,000,000 |
| Faida ghafi | 9,350,000 |
| Pango | 1,200,000 |
| Mshahara | 1,440,000 |
| Mlinzi, vifungashio na vidogovidogo | 1,100,000 |
| Umeme na maji | 480,000 |
| Leseni na ushuru | 220,000 |
| Riba | 110,000 |
| Madeni yaliyofutwa | 200,000 |
| Uchakavu wa vifaa (asilimia 10) | 250,000 |
| Faida halisi | 4,350,000 |

## Zimekubaliana, lakini usishangilie

Watu wakiona 4,350,000 mara mbili wanafunga daftari. Kukubaliana huko kunathibitisha kwamba umejumlisha na kutoa vizuri, basi. Njia zote mbili zimekula kutoka chungu kimoja: mizania ile ile ya mwanzo, ile ile ya mwisho, na makadirio yale yale ya kilichokwenda nyumbani. Na mauzo ya taslimu hatukuyahesabu, tuliyaziba. Chochote tulichokosea kwenye fedha kimejificha humo.

Chukua mfano. Tuseme nyumbani zilikwenda 4,200,000, si 3,600,000. Njia ya kwanza itakuwa imepunguza faida kwa 600,000. Njia ya pili nayo itakuwa imeona zilizotoka ni chache, ikaziba mauzo kwa kiasi kilicho pungufu kwa 600,000 hizo hizo, na faida yake itapungua sawasawa. Zote mbili zitakupa jibu moja lisilo sahihi, kwa sauti moja. Msaidizi akichukua fedha kwenye droo matokeo ni hayo hayo: mauzo yanaonekana madogo, na hakuna mstari unaosema kuna aliyechukua.

Basi njia ya pili ina faida gani zaidi? Inakupa kitu cha kupimia kutoka nje. Mama anasema anaongeza asilimia 25. Mali iliyouzwa ilimgharimu 42,000,000, kwa hiyo kwa bei zake mauzo yangepaswa kuwa 52,500,000. Hesabu zinaonyesha 51,350,000. Kuna pengo la 1,150,000.

Tulilichunguza pengo hilo kwa kuanzia na lisilo na lawama. Bei ya sukari ilikuwa imepanda kwa msambazaji kabla mama hajabadilisha yake, na mafuta ya kupima kwa kijiko hayajawahi kumletea asilimia 25 kamili. Mifuko miwili ya unga iliharibika kwa unyevu. Hayo yalieleza sehemu. Zinazobaki ni bidhaa za nyumbani ambazo huenda zilikuwa zaidi ya tulivyokadiria, fedha zilizotolewa bila kuandikwa, na droo inayofunguliwa na watu wawili. Hesabu hazitakutajia ni lipi kati ya hayo. Zinakutajia ukubwa wake, na njia ya kwanza isingekutajia hata hilo, maana kwake hakuna mauzo wala gharama ya mali ya kulinganisha.

Upimaji huu una mpaka wake. Asilimia 25 ni wastani wa bidhaa nyingi, na mwaka ambao duka limeuza mchele zaidi na sabuni kidogo wastani unahama wenyewe. Pengo dogo halina maana. Linapovuka asilimia mbili ya mauzo, kama hili letu lililozidi kidogo, ndipo ninapoanza kuuliza maswali. Mwingine ataweka mstari wake kwingine.

## Sasa uchague ipi

Kodi inaamua mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100 kwa kawaida anatozwa na TRA kwa mfumo wa makadirio, unaoangalia mauzo, si faida. Njia ya kwanza inatoa faida bila mauzo. Unaweza kumpelekea afisa 4,350,000 iliyopimwa kwa uangalifu wote na bado akakuuliza, umeuza ngapi? Kama mashine ya risiti haikutumika kwa kila mauzo na daftari la fedha lina mapengo, njia ya pili ndiyo pekee inayokupa tarakimu unayoweza kuieleza ilikotoka.

Mkopeshaji naye anataka kuona rejesho litatoka wapi. Mizania mbili zinamwonyesha kwamba duka halizami. Lakini ni orodha ya mauzo na gharama inayomwonyesha kwamba faida ghafi ni kama asilimia 18 ya mauzo, kwamba nyumba inakula zaidi ya faida yenyewe (4,800,000 dhidi ya 4,350,000), na kwamba mtaji ulikua mwaka huu kwa sababu tu ya zile 800,000 za korosho. Jambo hilo la mwisho ndilo ambalo mama alihitaji kulijua kuliko yote. Njia ya kwanza ilikuwa nalo pia, ila limelala ndani ya mstari mmoja wa kanuni na hakuna anayelisoma hapo.

Kwa upande mwingine, ningebaki na njia ya kwanza bila kuona haya katika hali kadhaa. Madaftari ya mwaka yamepotea na hakuna wa kuyarudisha. Genge au kioski kinachouza taslimu tu, mwenyewe ndiye anayeshika droo, na anataka kujua kama mwaka umemlipa. Au ndugu wanagawana biashara ya marehemu na kinachotakiwa ni thamani yake leo, ambapo hata mtaji wa mwanzo hauhitajiki. Mali ukitoa madeni inatosha. Kumpa mtu wa namna hiyo hesabu kamili ni kumuuzia kazi asiyoihitaji.

Duka lenye daftari la mkopo lililojaa, wasambazaji wanaoleta mali kwanza na kudai baadaye, na mtu wa pili kwenye droo, hilo linahitaji njia ya pili. Karibu kila duka la jumla na rejareja katika miji ya korosho ni la aina hiyo. Ningeanza na njia ya kwanza hata hivyo, kama kipimo cha haraka: nikishajua faida inatakiwa iwe 4,350,000, nikichambua daftari la fedha na kupata 3,750,000 najua pale pale kwamba kuna 600,000 nimeiweka kundi lisilo lake. Hapa ilikuwa rejesho la SACCOS.

Kazi hii ya kuchambua mwaka mzima inafanywa mara moja. Tarehe 1 Januari inayofuata unafungua leja kwa ingizo moja la ufunguzi: kila mali ya 31 Desemba inaingia upande wa debiti, wadai 2,600,000 na mkopo 400,000 upande wa krediti, na mtaji 9,950,000 unakaa krediti pia, pande zote mbili zikifika 12,950,000. Alichotoa na alichoongeza mwaka uliopita havifunguliwi tena; vimekwishamezwa na mtaji huo. Kuanzia hapo kila tukio linaandikwa pande mbili na mtaji hautafutwi tena kwa kurudi nyuma.

Kama hata leja ni nzito kwa mwenye duka, mwekee mambo matatu kwenye daftari lake lile lile. Daftari la fedha liwe na safu za mauzo taslimu, waliolipa madeni, fedha iliyotoka nyumbani kuja dukani, wasambazaji, gharama, na zilizokwenda nyumbani. Ukurasa mmoja wa nyuma uwe wa bidhaa zilizochukuliwa kula, kwa bei ya kununulia. Na kila jioni droo ihesabiwe kabla ya kutoa chochote, tarakimu iandikwe na mwenye duka mwenyewe, si msaidizi. Hilo la tatu ndilo litakalofanya mauzo ya taslimu ya mwaka ujao yawe yamehesabiwa badala ya kuzibwa, na lile pengo la 1,150,000, kama bado lipo, litaonekana mwezi ule ule lilipotokea.